Hotuba ya Dakika Tatu Kutoka Picha Moja

Binamu yako amefuzu. Familia imekuchagua useme neno, na kwenye simu yako kuna picha yake ya zamani: usiku, taa ya mafuta mezani, yeye ameinamia karatasi. Ukiitazama unaona kama hotuba imeshapatikana. Bado. Hotuba nyingi zinazoanzia kwenye picha ya namna hii huharibikia papo hapo, kwa sababu msemaji huitazama mara moja, akaamua kwamba inahusu umaskini, kisha akahubiri umaskini huo kwa dakika kumi mbele ya wazazi wa aliyefuzu, nao wameinamisha vichwa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wa nyumbani kwetu Sigalagala, huku Ikolomani, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu. Binti wa baba yangu mdogo alimaliza stashahada ya ujenzi katika chuo cha ufundi cha hapo hapo Sigalagala, nami nikapewa dakika tatu kwenye karamu ya nyumbani. Majina ya watu nimeyaacha.

Kwa nini picha moja inatosha

Chuoni, siku ya mahafali, wanaohutubu ni wakuu wa chuo na wageni waalikwa. Zamu ya familia huja baadaye, nyumbani, chini ya hema, wakati wageni wameshasikia hotuba za kutosha na harufu ya kuku inatoka jikoni. Hawatakumbuka maisha yote ya binamu yako tangu chekechea. Watakumbuka kitu kimoja wanachoweza kukiona akilini, na picha hukupa kitu hicho bila wewe kutafuta maneno makubwa.

Lakini picha huonyesha sehemu ndogo tu ya kilichotokea. Haisemi kwa nini taa iliwashwa, nani aliiwasha, wala nani alikuwa ameshika simu. Hayo yasiyoonekana ndiyo hotuba yako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma picha, ya pili ni kuuliza, na kuandika ni ya tatu.

Isome picha kabla ya kuandika neno

1. Pata picha ya asili. Iliyopita WhatsApp imebanwa na imepoteza mambo madogo madogo, hasa sehemu za giza. Mwombe aliyeipiga akutumie kama hati, kwa kuchagua `Document` badala ya kuituma kama picha ya kawaida.

2. Ongeza mwangaza. Fungua sehemu ya kuhariri kwenye simu, pandisha mwanga wa maeneo ya giza, kisha vuta karibu pembe moja baada ya nyingine. Picha ya taa ya mafuta huficha nusu ya chumba. Mimi ndipo nilipoona kwamba taa ilikuwa imewekwa juu ya sufuria iliyopinduliwa.

3. Hakikisha haijageuzwa. Kamera ya mbele ya simu nyingine hugeuza kushoto kuwa kulia, kama kioo. Tafuta maandishi ndani ya picha, kwenye kalenda ya ukutani au jalada la kitabu. Yakisomeka vizuri, picha iko sawa.

4. Usiiamini tarehe ya jina la faili. Jina kama `IMG-20210614-WA0007.jpg` linaonyesha siku ambayo WhatsApp ilishughulikia faili hiyo, si lazima iwe siku iliyopigwa. Ukisimama na kutaja mwaka usio wake, binamu yako atakusahihisha mbele ya watu.

5. Andika vitu peke yake. "Bidii", "mateso" na "ndoto" havipo kwenye picha. Andika taa, karatasi, mkono, kivuli, sufuria.

Orodha yangu ilikuwa hivi: taa ya chemni, kioo chake kimefutwa kikawa safi. Sufuria ndogo imepinduliwa chini yake. Karatasi kubwa ya kuchorea imebanwa pembe nne kwa gundi ya karatasi. Penseli iko mkono wa kushoto. Rula ya T, kichwa chake kimeegemea ukingo wa kulia wa ubao. Taa iko upande wa kulia.

Mistari mitatu ya mwisho ilinisimamisha. Anayechora kwa mkono wa kulia huegemeza kichwa cha rula ya T kwenye ukingo wa kushoto wa ubao. Hapa ilikuwa kinyume. Maandishi ya kalenda yalisomeka, kwa hiyo picha haikuwa imegeuzwa: dada huyu ana shoto, nami nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Na kama ana shoto, basi taa ilikuwa mahali pake hasa. Mwanga ukitoka upande wa mkono unaochora, kivuli cha mkono huangukia mistari. Ukitoka upande wa pili, karatasi hubaki wazi. Kuiinua taa juu ya sufuria pia kuna maana yake, maana taa ikiwa chini sana vivuli huwa virefu na mwanga haufiki ukingo wa mbali wa karatasi.

Kwa hiyo kuna mtu aliyefikiri kabla ya kuiweka taa ile. Nani?

Uliza watu watatu

Muulize aliye kwenye picha, muulize aliyepiga picha, na muulize mtu mzima aliyekuwa nyumbani usiku ule. Usiulize "ulijisikiaje?" Swali hilo huzaa jibu la hotuba. Uliza mambo yenye jibu fupi: Taa ilikuwa ya nani? Ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa ukichora nini? Kwa nini hakukuwa na stima?

Swali la mwisho liliniokoa. Katika rasimu yangu ya kwanza nilikuwa nimeandika "nyumba isiyo na stima". Mama mdogo alinijibu kwa mshangao kwamba stima ilikuwepo tangu zamani. Transfoma ya mtaa ndiyo iliyokuwa imeungua, wakakaa gizani wiki tatu, na wiki hizo ziliangukia siku za kumalizia michoro ya mtihani. Kama ningeisema sentensi yangu, ningemwaibisha mbele ya majirani waliokuwa wakija kwake kuchaji simu.

Majibu mengine yalikuja kwa urahisi. Taa ilikuwa ya bibi, naye ndiye aliyeihamisha kulia. Bibi mwenyewe ana shoto, na alipokuwa mtoto alichapwa shuleni mpaka akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia. Aliyepiga picha ni mdogo wake dada, kwa simu ya mama yao, ili ampelekee baba aliyekuwa kazini Mombasa.

> TAHADHARI: picha ya taa na heshima ya nyumba
>
> Mwanga wa taa haumaanishi umaskini. Huenda stima ilikatika, tokeni ziliisha, au chumba chenye balbu kilikuwa na wageni. Thibitisha.
>
> Hata kama umaskini ulikuwepo, si wako kuutangaza. Karo iliyochelewa, baba aliyepoteza kazi, mwaka uliorudiwa: usitaje lolote kati ya hayo bila ruhusa ya mwenyewe na ya wazazi wake.
>
> Omba ruhusa kwa kusoma sentensi yenyewe. Ukisema tu "nitagusia kidogo mambo ya nyumbani", hujaomba ruhusa. Bibi alinikubalia habari ya kuchapwa kwa sharti moja, kwamba nisiitaje shule. Sikuitaja.

Chagua jambo moja, acha mengine

Sasa una vitu vingi kuliko dakika tatu zinavyoweza kubeba. Andika sentensi moja inayojibu swali hili: wageni wakirudi nyumbani, watasimulia nini? Yangu ilikuwa: *bibi aliweka taa upande wa kulia kwa sababu mjukuu wake ana shoto.* Kila kisichoisaidia sentensi hiyo nilikitoa, hata vitu vilivyoniuma kuvitoa. Nilikuwa na kisa kizuri cha jinsi karatasi moja ilivyoshika masizi, dada akaichora upya usiku kucha. Niliking'ang'ania siku mbili. Kiliivuta hotuba upande wa mateso, nikakiacha.

Kwa urefu, kipimo changu ni maneno kama 90 kwa dakika. Kiswahili kina maneno marefu, na chini ya hema lazima uachie nafasi za makofi na vigelegele. Dakika tatu basi ni maneno 270 hivi, na ukiandika machache zaidi hakuna atakayelalamika. Pima kwa kusoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Kusoma kimoyomoyo huenda haraka mno na hukudanganya.

Jambo moja la adabu. Huku kwetu mtoto wa baba mdogo haitwi binamu mbele ya wazee, ni dada. Ukimwita binamu unaonekana kama unamsogeza mbali. Mtoto wa shangazi au wa mjomba ni habari nyingine, na desturi hutofautiana toka boma moja hadi jingine, kwa hiyo muulize mzee mmoja kabla ya siku yenyewe.

Hotuba yenyewe

> Wazazi wetu, wazee wetu, majirani: mulembe.
>
> Nina picha moja ya dada yetu. Ni usiku. Ameinamia karatasi kubwa ya kuchorea, na penseli iko mkono wa kushoto. Taa ya bibi iko juu ya sufuria iliyopinduliwa, upande wa kulia.
>
> Mnazikumbuka wiki zile ambazo transfoma yetu iliungua. Wengi wetu tulilala mapema. Dada hakuweza, kwa sababu mtihani haukungoja transfoma.
>
> Nilimuuliza: nani aliiweka taa upande ule? Akasema ni bibi. Jioni ya kwanza bibi aliona kivuli cha mkono kinaangukia mistari. Hakusema kitu. Aliihamisha taa kulia, akaipandisha juu ya sufuria, akaenda kulala. Jioni ya pili dada alikuta taa imeshawekwa. Na ya tatu. Na zote zilizofuata.
>
> Bibi naye ana shoto. Alipokuwa mtoto alichapwa mpaka akahamishia kalamu mkono wa kulia. Bibi, hukumwambia mjukuu wako abadilishe mkono. Ulibadilisha mahali pa taa. Asante.
>
> Picha aliipiga mdogo wetu, kwa simu ya mama, ampelekee baba Mombasa. Baba mdogo aliipokea usiku huo huo, na asubuhi akatuma pesa za mafuta ya taa.
>
> Dada, mistari uliichora wewe mwenyewe, na joho hili ni lako. Tunakupongeza.
>
> Tuna ombi moja. Jiko la bibi linavuja. Sisi ndugu zako tumechanga tukapata mabati kumi, yako nyuma ya nyumba. Tunaomba mchoro wako wa kwanza ukiwa na stashahada uwe wa jiko la bibi. Na dirisha, dada, unajua liwe upande gani.
>
> Hongera.

Ona ilivyopangwa. Picha inaelezwa kwa sentensi tatu tu, kwa vitu vinavyoonekana. Sababu ya giza inatajwa mara moja, kwa namna inayomhusisha kila jirani, maana transfoma ilikuwa ya wote. Kisha swali, jibu, na shukrani kwa mtu ambaye hakutarajia kutajwa. Mwenye sherehe anarudi kabla ya mwisho, ili siku isigeuke ya bibi peke yake. Hilo ni kosa nililolifanya katika rasimu ya pili: dada alitajwa mwanzoni, akapotea mpaka mwisho.

Inamalizika kwa ombi na zawadi badala ya wosia. "Endelea na moyo huo huo" lingewaacha wageni wakisubiri. Mabati yanaweza kuonekana, na dada anaweza kujibu. Wewe huenda huna mabati. Tafuta kitu chochote halisi ambacho picha yako inakiita, iwe kazi ya kufanya, safari au kifaa cha fani yake. Lakini usitangaze ahadi ambayo fedha zake hazijapatikana.

Sentensi mbili zinazomwelekea bibi moja kwa moja nilizisema kwa Kiidakho, kwa sababu ndiyo lugha anayoisikia bila kukunja uso. Kama mtu unayemshukuru hasikii Kiswahili vizuri, fanya vivyo hivyo. Wageni watafuata.

Siku yenyewe

Huku Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, na ikipiga mabati au turubai la hema hakuna maikrofoni itakayokusaidia. Zungumza na emsii asubuhi akuweke kabla ya saa nane. Akikataa, uwe na hotuba fupi zaidi: salamu, aya ya picha, aya ya bibi, hongera.

Jambo la pili ni isukuti. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka, huja na ngoma zake kubwa, ya kati na ndogo, na haikatiki kwa ishara ya mkono. Usianze wapigaji wakiwa bado wanarudi nyuma ya hema. Subiri mpaka ngoma ziwe chini na watu wameketi. Ukimya wa sekunde tano unaonekana mrefu kwako peke yako.

Kuhusu picha yenyewe, usiipitishe mkono kwa mkono wakati unasema. Itafika safu ya tatu wakati wewe uko kwenye habari ya taa, na vichwa vyote vitainamia simu. Ichapishe kubwa, iweke kwenye meza ya keki mapema, kisha mwishoni sema iko pale. Nilifanya hivyo, na watu walipanga foleni kutazama sufuria.

Hotuba iandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, upande mmoja tu. Kioo cha simu hakisomeki juani, hujifunga unapotazama watu, na ni lazima mtu atapiga.

Makosa yanayorudiwa

*Kusema juu yako.* "Mimi nilipokuwa chuoni" ikitokea hata mara moja, ifute. Wewe umo kwenye hotuba kwa kazi moja, ya kuuliza nani aliweka taa.

*Kulinganisha.* Kumsifu aliyefuzu kwa kuwasema wasiosoma huumiza watu walioketi hapo hapo. Wengine ni ndugu zake.

*Kupamba picha.* Usiongeze mvua, njaa wala paa linalovuja kama havikuwepo. Aliyekuwepo usiku ule ameketi mbele yako.

*Kutaja madaraja ya mtihani.* Hata yakiwa mazuri, ni yake kuyasema.

Kagua kabla ya kusimama

☐ Nimeiona picha ya asili, na maandishi ndani yake yanasomeka sawa.
☐ Najua kwa nini taa ilikuwa imewashwa, na nimelisikia jibu kwa mtu aliyekuwepo.
☐ Najua aliyepiga picha.
☐ Kila mtu ninayemtaja amesikia sentensi inayomhusu na amekubali.
☐ Nimeisoma kwa sauti mara tatu. Haizidi dakika tatu.
☐ Najua nitamwita dada, kaka au binamu.
☐ Zawadi au ombi la mwisho liko tayari kweli.
☐ Emsii anajua zamu yangu, na karatasi iko mfukoni.

Kama kisanduku cha ruhusa bado ni kitupu, weka kalamu chini sasa hivi, umpigie simu mwenye taa.